Mbuzi Akitupa Mimba, Angalia Chakula cha Mama Mjamzito

Maneno ya afisa ugani wa mifugo kwa wafugaji na familia zao, siku ya chanjo ya mbuzi na kondoo

  

Mbuzi wameshachanjwa sotoka, na kabla hamjawatoa naomba tukae kidogo hapa kivulini. Nimeomba na akina mama waje, maana ninalotaka kusema lina miguu miwili: mmoja uko zizini, mwingine uko jikoni. Najua kuna mzee anajiuliza, mambo ya ujauzito ni ya kliniki, bwana mifugo anayatakia nini? Jibu ni hili. Yapo magonjwa ambayo mbuzi akiyapata hutupa mimba, na mwanamke mjamzito akiyapata mimba yake inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na madhara. Vijidudu ni vilevile. Hutoka kwenye mifugo na kuingia kwa mama kupitia maziwa na nyama. Mara nyingi mimi huviona zizini kabla nesi hajaviona kliniki, ndiyo maana nawaambia mapema.

Leo nitataja viwili. Kimoja kinaitwa listeria, kingine toksoplasma. Msihangaike kushika majina. Shikeni njia vinazopita, na namna ya kuzifunga.

Listeria

Listeria ni bakteria anayeishi kwenye udongo, kwenye samadi na kwenye majani yaliyooza. Mbuzi humpata akila chakula kilichovunda, kama mabua yaliyonyeshewa na kurundikwa, au pumba iliyoshika ukungu kwenye gunia. Mbuzi aliyeugua sana utamjua. Anazunguka upande mmoja, sikio moja limelala, mdomo umepinda, mate yanamtoka, ana homa, na ndani ya siku chache anakufa. Msimchanganye na yule wa kizunguzungu cha minyoo ya mbwa iliyoingia kwenye ubongo. Huyo huzorota polepole kwa wiki nyingi, na hana homa.

Lakini wengi hawaonyeshi dalili hizo. Mbuzi hutupa mimba tu, kisha anaendelea kula kama kawaida. Na wapo wasioonyesha dalili yoyote, lakini listeria anatoka kwenye maziwa yao. Maziwa hayo hayabadiliki rangi, hayanuki, na ladha yake ni ileile. Hakuna mtu anayeweza kuyatambua kwa kuangalia au kuonja.

Kwa mtu mzima mwenye afya, listeria anaweza kupita kama mafua na asijue. Kwa mama mjamzito ni tofauti, kwa sababu bakteria huyu hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto. Mama mwenyewe anaweza kupata homa ndogo, mwili kuuma na uchovu, pengine kuharisha kidogo. Siku mbili tatu anajisikia nafuu. Kisha baada ya wiki kadhaa mimba inaharibika, au anajifungua mtoto aliyekufa, au mtoto anazaliwa hai akaugua sana siku za kwanza. Watu wanatafuta sababu, na hakuna anayekumbuka kibuyu cha mwezi uliopita.

Toksoplasma

Toksoplasma si bakteria, ni kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Mwenyeji wake mkubwa ni paka. Paka akila panya au nyama mbichi yenye kimelea hiki, hutoa mayai yake kwenye kinyesi. Mayai hayo hukaa siku moja hadi tano kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, kisha kwenye udongo wenye unyevu yanaweza kuishi mwaka mzima na zaidi. Paka akijisaidia kwenye pumba au nyasi za akiba, mbuzi na kondoo wanakula pamoja nayo.

Mbuzi mwenye mimba akiambukizwa kwa mara ya kwanza, anaweza kutupa mimba au kuzaa kitoto dhaifu. Mbuzi yeyote aliyeambukizwa, dume au jike, hubaki na vimelea ndani ya nyama yake maisha yake yote. Vimejificha kwenye msuli, na ukichinja huoni kitu. Kukausha nyama juani au kuifukiza moshi si njia ya kutegemea kuviua. Kinachoviua ni moto ukifika mpaka katikati ya nyama.

Mama aliyewahi kuambukizwa siku nyingi kabla ya ujauzito kwa kawaida mwili wake una kinga, na mtoto husalimika. Hatari ni kwa yule anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa tayari na mimba. Na kwa kuwa wengi hawajisikii kuumwa, au huvimba matezi ya shingo tu, mama hawezi kujua yuko kundi lipi bila kupimwa damu. Mtoto aliyefikiwa tumboni anaweza kupotea, au kuzaliwa na kichwa kilichojaa maji, au macho yake yakaharibika. Wengine huzaliwa wakionekana wazima, na tatizo la macho likajitokeza baada ya miaka.

Tuchukue boma moja la mfano

Sasa tuyaone haya kwenye boma. Tuseme ni boma lenye mbuzi majike 60. Kiangazi kimekaza, na baba amenunua pumba magunia matatu, gunia moja lilinyeshewa njiani. Ndani ya wiki tatu mbuzi wanne wametupa mimba, na mmoja ameanza kuzunguka. Ndani ya boma hilo kuna mke wa kijana, mimba yake ina miezi mitano. Tumfuate siku moja.

Asubuhi anakamua. Katika mbuzi waliotupa mimba, wawili wana maziwa, naye anakamua wote kwenye chombo kimoja. Mkwe wake, bibi mwenye nyumba, anamimina maziwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la moto kama desturi. Kibuyu hicho ni kisafi kweli, moshi umeua vingi vilivyokuwa kwenye ukuta wa kibuyu. Lakini maziwa yaliyoingia baadaye hayakupita kwenye moto. Kesho yameganda, mama mjamzito anakunywa bakuli.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hukosea. Husema maziwa yakishachachuka vijidudu vimekufa. Uchachu huvipunguza vingine, lakini listeria huvumilia uchachu kwa siku nyingi, na brusela mnayemjua, yule wa homa ya vipindi na kuumwa viungo, naye anaweza kubaki hai kwenye maziwa ya mgando. Ubaridi nao haumsumbui listeria. Hata kwenye friji za mjini, ambako vijidudu vingi husimama, yeye huendelea kuongezeka polepole.

Kwa hiyo kabla ya kibuyu kuna sufuria. Chemsha maziwa mpaka yafure na kupanda juu, koroga, yaache yachemke dakika chache, kisha epua na ufunike.

Akina bibi wataniambia: maziwa ya kuchemsha hayagandi vizuri, yanaoza. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba moto umeua pia vile vijidudu vizuri vinavyogandisha. Dawa yake ni kuyapa mbegu. Yaache yapoe mpaka uvuguvugu, kiasi cha kutia kidole na usiungue. Kwa kila lita tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya mgando mzuri, kisha mimina kwenye kibuyu kilichofukizwa. Kesho yake yameganda, na harufu ya kibuyu ipo.

Angalieni mbegu inatoka wapi. Ukichemsha maziwa halafu ukachota mbegu kwenye kibuyu cha maziwa mabichi, umerudisha adui ndani kwa mkono wako. Mbegu ya kwanza itoke kwenye maziwa ya mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, na baada ya hapo kila siku mnabakiza kidogo kwa ajili ya kesho. Wala msirudishe maziwa yaliyochemshwa kwenye chombo kilichotumika kukamulia kabla hakijaoshwa kwa maji ya moto. Na kibuyu cha mjamzito kisiongezwe maziwa mabichi juu, hata kidogo. Nyumba ikiona kazi kuchemsha maziwa ya watu wote, ianze na ya kwake. Lakini ukweli ni kwamba brusela hachagui, na baba naye anaumwa viungo kwa kibuyu hichohicho.

Samli haina shida ikiwa imechemshwa mpaka ikatulia na kuwa safi. Siagi mbichi iliyosukwa kwenye maziwa mabichi ihesabiwe kama maziwa mabichi. Dang'a nayo, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, mwachieni ndama na kitoto cha mbuzi. Mjamzito asiinywe mbichi.

Turudi kwenye boma letu. Mchana mbuzi mwingine anatupa mimba kichakani, na watoto wanaleta habari. Nani anatumwa kwenda kuondoa? Mara nyingi ni mwanamke aliye karibu, na leo ni huyu mjamzito. Hapana. Kitoto kilichotupwa, kondo na majimaji yake vimejaa vijidudu kuliko kitu kingine chochote kundini. Aende mtu mwingine asiye mjamzito, avae glovu au mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi, kisha vitu vyote vichomwe au vizikwe kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Kijana mwenye nguvu, hiyo ni kazi yako. Na asitupiwe paka wala mbwa. Paka anayekula kondo bichi au matumbo mabichi ndiye huyo kesho anayejisaidia kwenye pumba.

Simaanishi muue paka. Bila paka, panya watamaliza mahindi. Funikeni pumba na nafaka, mpeni paka mabaki yaliyopikwa, na mjamzito asifagie mahali paka anapojisaidia. Akilima bustani, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Nyanya, vitunguu na mboga za kula mbichi zioshwe vizuri kwa maji safi, kwa sababu mayai ya toksoplasma hushikana na udongo.

Jioni wageni wanafika. Baba anaamua, yule mbuzi aliyetupa mimba mara mbili achinjwe asipotee bure. Wanaume wanakula figo na kipande cha ini vikiwa vya moto moto, vibichi. Mjamzito analetewa kipande cha ini kwa heshima, maana watu wanajua anahitaji damu. Baadaye analetewa paja la kuchoma, nje jeusi, ndani jekundu.

Wazee wangu, heshima hiyo ni nzuri, na ini ni chakula kizuri, lipikwe tu. Ini na figo vya mjamzito vipikwe mpaka ukikata katikati usione wekundu. Nyama ya kuchoma ya kwake ikatwe vipande vidogo, kwa sababu pande nene kama ngumi huungua nje kabla moto haujafika ndani. Kipimo ni rahisi: kata pale palipo panene zaidi, karibu na mfupa. Ukiona wekundu, au maji yanayotoka yana damu, rudisha motoni. Nyama ya kuchemsha na mchuzi wake ndiyo salama zaidi, kwa kuwa maji yanayotokota hufika kila mahali. Kisu na ubao vilivyokatia nyama mbichi vioshwe kabla ya kukatia nyama iliyoiva.

Damu pia nimeulizwa mara nyingi. Damu iliyokingwa shingoni mwa ng'ombe, ikinywewa mbichi au ikichanganywa na maziwa, mjamzito aiepuke. Ikichemshwa mpaka igande na kuwa ya kahawia, ikiivishwa vizuri, anaweza kula. Na mbuzi anayezunguka, mwenye homa, asichinjwe kwa chakula cha mtu yeyote. Niiteni kwanza.

Kwa wale wanaokwenda gulioni na mjini, kuna jambo moja. Mwaka 2017 hadi 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa wa listeria, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walifariki, na miongoni mwa waliougua walikuwamo watoto wachanga wengi. Chanzo kilikuwa nyama ya kiwandani iliyosagwa na kupikwa, ile inayoliwa baridi moja kwa moja bila kupikwa tena. Kwa hiyo mjamzito akinunua soseji au nyama ya namna hiyo, aipike upya mpaka itoe mvuke. Chakula kilicholala nacho kipashwe mpaka kichemke, kisiwe cha uvuguvugu tu.

Msimpunguzie chakula

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Katika baadhi ya maboma mama mjamzito hupunguziwa chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa. Mtu asiondoke leo akasema bwana mifugo amekataza maziwa na nyama. Sijakataza. Maziwa ni yaleyale, nyama ni ileile, ini ni lilelile. Ninachoomba ni sufuria na moto. Mama huyo anahitaji chakula zaidi, na mkimwondolea maziwa bila kumpa kingine mtakuwa mmemwepusha na hatari moja na kumtia kwenye nyingine.

Akipata homa

Mjamzito akipata homa, aende zahanati siku hiyohiyo. Atapimwa malaria kwanza, na ni sawa. Lakini kipimo kikionyesha hana malaria, asirudi nyumbani akanyamaza. Aseme maneno haya: "Mbuzi wetu wametupa mimba mwezi huu, na nilikuwa nakunywa maziwa mabichi." Au, "Nimekula nyama isiyoiva." Mhudumu hawezi kuona zizi lenu kutoka kwenye meza yake. Maneno hayo yatamfanya afikirie listeria, brusela na toksoplasma, amtibu au ampe rufaa kwenda hospitali kupimwa. Dawa zinazofaa kwa mjamzito zipo, na zikianza mapema zinaweza kumwokoa mtoto.

Na hili nalisema kwa nguvu: msimchome sindano ya ng'ombe. Ile oksitetrasaiklini mnayoweka kwenye mfuko wa ngozi haifai kwa mjamzito. Inaharibu mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni, na kipimo chake ni cha ng'ombe, si cha mtu.

Upande wangu nao ni huu. Mbuzi mmoja akitupa mimba, mtenge na wenzake na mniambie. Wakifika wawili au watatu ndani ya mwezi, msisubiri wa nne. Nitachukua damu ya mama, na kama kitoto au kondo bado ni vibichi, vikae kwenye mfuko wa plastiki mara mbili mahali pa baridi, ili vifike maabara ya veterinari vikiwa havijaoza. Maabara ndiyo itakayotuambia ni kipi kati ya hivi, au ni kingine kabisa, maana mbuzi hutupa mimba kwa sababu nyingi, hata njaa na kipigo. Majibu huchukua muda. Kwa hiyo jioni hii hii, kabla ya majibu, maziwa ya mjamzito yaingie kwenye sufuria.

Kwenye lile boma letu la mfano, kazi zimegawanyika hivi. Bibi mwenye kibuyu atunze mbegu ya maziwa yaliyochemshwa. Baba anayegawa nyama ahakikishe kipande cha mjamzito kimeiva mpaka kwenye mfupa. Kijana azike kilichotupwa, na amwage lile gunia la pumba lenye ukungu mahali ambapo mbuzi hawafiki. Mama mjamzito mwenyewe, homa ikimshika, aende zahanati na aseme habari za mbuzi.

 Mwenye mbuzi aliyetupa mimba wiki hii abaki hapa tuongee, nimekuja na vifaa vya kuchukulia damu.